Makala moja kwa dakika arobaini: kutafuta lengo, mbinu, matokeo na udhaifu

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mliokaa huko nyuma, nawasalimu. Nimeombwa nizungumze na nyinyi mnaoandika mapitio ya maandishi ya somo la masoko. Aliyeniomba hakuzunguka: makala ni nyingi, muda umekwisha, na wengi wenu mnanakili ikisiri na kubadilisha maneno mawili matatu. Sitawapa orodha ya kanuni. Nimekuja na makala moja, tutaipitia kama mtu anavyoipitia akiwa mezani kwake, na mtaona mahali ambapo ikisiri inamtupa msomaji mwenye haraka.

Makala yenyewe ni ya Jonah Berger na Katherine Milkman, "What Makes Online Content Viral?", iliyotoka katika Journal of Marketing Research mwaka 2012. Wengi wenu mtakutana nayo kwa sababu kila anayeandika kuhusu matangazo ya mitandaoni huitaja. Swali lake linaeleweka hata kwa asiyesoma masoko: kwa nini habari nyingine watu huzituma kwa jamaa na rafiki, na nyingine wakazisoma wakaziacha hapo hapo?

Kabla ya kuanza kusoma, chora safu nne kwenye karatasi au kwenye Excel: lengo, mbinu, matokeo, udhaifu. Kisha soma ikisiri, lakini isome kama madai. Mwandishi wa ikisiri ana nafasi ndogo na ana kazi ya kukushawishi usome mbele. Katika makala yetu ikisiri inasema, kwa maneno yangu, kwamba maudhui chanya husambaa zaidi kuliko hasi, lakini jambo ni gumu zaidi ya chanya na hasi, kwa sababu kinachosukuma watu kutuma ni hisia zinazousisimua mwili. Mambo yanayoamsha kustaajabia, hasira au wasiwasi husambaa zaidi. Yanayoleta huzuni, hisia inayoupoza mwili, husambaa kidogo.

Sasa angalia mwanafunzi mwenye haraka anachoandika: "Berger na Milkman (2012) waligundua kuwa maudhui chanya husambaa zaidi." Akaweka nukta. Sentensi hiyo si uongo, ila imekata makala katikati na kuchukua nusu ambayo waandishi wenyewe wanasema haitoshi. Hasira si hisia chanya, na katika makala hii ndiyo inayotajwa kuwa na nguvu kuliko hisia nyingine zote. Aliyeandika hivyo, akifika kwenye sura yake ya majadiliano, atashindwa kueleza kwa nini malalamiko ya wateja nayo yanazunguka sana mitandaoni.

Kwa hiyo lengo usilichukue kwenye ikisiri. Ruka hadi mwisho wa utangulizi, aya mbili au tatu kabla ya kichwa cha habari kinachofuata, na utafute mahali ambapo mwandishi anasema wengine walifikiri nini na yeye anaongeza nini. Katika masoko sehemu hiyo huwa wazi kwa sababu wahariri wa majarida wanaidai. Hapa utaikuta: waliotangulia walibishana kama habari mbaya au nzuri ndiyo inayosambaa, na hawa wawili wanataka kuonyesha kwamba kiasi cha msisimko kilichomo kwenye hisia kina kazi yake, mbali na uzuri au ubaya wake. Hilo ndilo lengo. "Kuchunguza usambaaji wa maudhui mtandaoni" ni mada tu. Kipimo rahisi ni hiki: ukiweza kuihamishia sentensi yako ya lengo kwenye makala nyingine kumi bila kubadilisha neno, bado hujalipata lengo.

Kutoka hapo wengi hujitosa kwenye mapitio ya nadharia, kurasa zenye majina mengi kwenye mabano, na muda unaishia humo. Mimi siendi huko kwanza. Natafuta jedwali kubwa la matokeo na aya inayoeleza vipimo. Kwenye nadharia nitarudi baadaye, tena kwa macho tu, kutafuta nadharia tete zilipoandikwa.

Mbinu ya makala hii ina sehemu mbili, na msipozitenganisha safu yenu ya pili itakuwa mchanganyiko. Sehemu ya kwanza ni data za kweli za gazeti la New York Times. Programu ya kompyuta ilitembelea ukurasa wa mbele wa tovuti ya gazeti hilo kila baada ya dakika 15, kuanzia tarehe 30 Agosti hadi 30 Novemba 2008, ikakusanya habari 6,956. Tovuti ilikuwa na orodha ya habari zilizotumwa zaidi kwa barua pepe, na waandishi wakaangalia ni habari zipi ziliingia kwenye orodha hiyo. Kama habari moja katika kila tano iliingia. Sehemu ya pili ni majaribio, ambamo washiriki walisomeshwa matoleo mawili ya habari ile ile, moja ikiamsha hisia zaidi ya nyingine, kisha wakaulizwa wangependa kiasi gani kuituma kwa wengine.

Hapo ndipo nasimama na kuuliza swali ambalo nawaomba mliulize kwa kila makala ya masoko mtakayoshika: kilichopimwa hasa ni nini? Makala ina neno kubwa juu ya mlango, usambaaji. Kilichopimwa kwenye sehemu ya kwanza ni ndiyo au hapana: habari iliingia kwenye orodha au haikuingia. Habari iliyotumwa na watu wengi mno na ile iliyoponea chupuchupu kuingia zinahesabiwa sawa. Aliyetumiwa akaituma kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, yaani kile ambacho sisi huku tunakiita kusambaa, hakionekani kwenye data hizo. Kwenye sehemu ya pili kilichopimwa ni nia, mtu anasema angependa kutuma. Mnajua wenyewe umbali uliopo kati ya kusema utafanya na kufanya.

Hisia nazo zilipimwaje? Msipite haraka hapa, maana udhaifu wa makala nyingi umejificha kwenye aya moja ya namna hii. Uchanya wa habari ulihesabiwa na kompyuta: asilimia ya maneno mazuri ukitoa asilimia ya maneno mabaya. Lakini kompyuta haikuweza kupima hasira, wasiwasi, huzuni au kustaajabia, kwa hiyo wasomaji wasiojua nadharia tete za utafiti waliajiriwa, wakasoma habari na kuzipa alama kuanzia 1 hadi 5. Sasa, hawakusoma habari zote. Walisoma 2,566 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Zilizobaki, zaidi ya elfu nne, zilipewa alama ya wastani kwenye hisia hizo na kuwekewa alama ya kuonyesha kuwa hazikusomwa. Ni utaratibu halali wa kitakwimu, na waandishi wameueleza bila kuficha. Lakini wewe unayeandika "utafiti wa habari karibu elfu saba ulionyesha kuwa hasira inasambaza" umekosea. Habari karibu elfu saba zinabeba matokeo ya uchanya. Matokeo ya hasira yanabebwa na zile 2,566. Ukiiandika hiyo kwenye safu ya mbinu, umeshaizidi ikisiri.

Twende kwenye matokeo. Jedwali la regresheni lina safu kadhaa, na ukiliangalia kwa mara ya kwanza linatisha. Usilisome lote. Majedwali ya aina hii hujengwa kwa kuongeza: safu ya kwanza ina kigezo kimoja, zinazofuata zinaongeza vingine na vidhibiti. Weka kidole kwenye mstari wa kigezo unachokitafuta, tuseme hasira, na ukitembeze kutoka kushoto kwenda kulia. Unatafuta mambo mawili tu: je, alama ya kujumlisha au kutoa inabadilika, na je, nyota zinapotea? Hapa mstari wa hasira unabaki chanya hata baada ya kuongezwa manufaa ya habari, mvuto wake, mshangao wake, na mahali ilipokaa kwenye ukurasa wa mbele pamoja na saa ilizokaa hapo. Hicho kidhibiti cha mwisho ndicho kinachoipa makala heshima yake. Bila hicho mtu angesema, bila shaka ilitumwa sana, ilikaa juu kabisa ya ukurasa siku nzima.

Kisha kuna tarakimu inayonukuliwa na kila mtu. Waandishi wanasema hasira ikipanda kwa mkengeuko sanifu mmoja, nafasi ya habari kuingia kwenye orodha inapanda kwa 34%. Kwa kustaajabia ni 30%. Nimesahihisha kazi zilizoandika kwamba habari za hasira "zina 34% ya uwezekano wa kusambaa", na nyingine kwamba "zilisambaa 34% zaidi." Zote mbili si sahihi. Tuchukue penseli. Habari ya kawaida ilikuwa na nafasi kama 20 katika 100. Asilimia 34 hiyo ni ya nyongeza juu ya kile kilichokuwapo, haijumlishwi na 20 ukapata 54. Ukiichukua kama nyongeza ya uwezekano wenyewe, 20 inakuwa karibu 27. Ukiichukua kama nyongeza ya uwiano wa kuingia kwa kutoingia, uwiano wa mwanzo ni 20 kwa 80, yaani 0.25. Uzidishe kwa 1.34, upate 0.335, na ukiurudisha kwenye uwezekano unapata kama 25. Kwa hiyo tunazungumzia kutoka 20 kwenda 25 au 27 katika 100, na hata hiyo ni makisio ya penseli kwa habari ya wastani. Ni tofauti kubwa kwa mhariri wa gazeti. Kwa mtu aliyekwisha kuandika kuwa "hasira ndiyo siri ya kusambaa", ni maji baridi.

Waandishi wenyewe waliona tarakimu hiyo haishikiki kirahisi, wakaitafsiri: nguvu ya hasira hapo ni sawa na habari kukaa karibu saa 2.9 za ziada ikiwa habari kuu ya tovuti. Ulinganisho wa namna hiyo ukiukuta kwenye makala yoyote, uchukue. Unaeleza ukubwa wa athari, na ukubwa ndio ambao mapitio mengi ya wanafunzi hayana kabisa. Yamejaa "ilikuwa na athari kubwa kitakwimu", maneno ambayo hayakuambii kama athari ni ya kujaza ndoo au ya kulowesha kidole.

Majaribio yanaongeza nini? Regresheni ya gazeti inaonyesha kwamba hasira na kutumwa vinakwenda pamoja. Haionyeshi kwamba msisimko ndiyo njia inayopitiwa. Ndiyo maana waliwasomesha watu toleo lenye hasira zaidi na lenye hasira kidogo la habari ya mteja na huduma mbaya ya shirika la ndege, wakafanya hivyo pia kwa uchekeshaji na kwa huzuni, wakapima msisimko. Msisimko ulipopanda, nia ya kutuma ilipanda. Kwa huzuni vyote viwili vilishuka. Kwenye safu ya matokeo andika hivi: data za gazeti zinaonyesha uhusiano, majaribio yanaonyesha sababu lakini kwa nia tu. Makala za masoko zenye sura hii, data za sokoni kwanza na maabara baadaye, ni nyingi sana kwenye majarida makubwa. Mkishaijua moja, mtazisoma nyingine kwa nusu ya muda.

Sasa udhaifu. Nina ugomvi kidogo na safu hii. Nikifungua kazi za wanafunzi nakuta "sampuli ilikuwa ndogo" na "utafiti ulifanyika Marekani", zimepigwa kama muhuri kwenye kila makala. Ya pili haijawa udhaifu mpaka uniambie ni kitu gani kingebadilika mahali pengine na kwa nini. Ya kwanza inategemea sampuli ipi. Kwenye majaribio ya makala hii kila jaribio lilikuwa na watu wasiofika hamsini, na hapo neno "ndogo" lina haki, kwa sababu kwa idadi hiyo makisio ya ukubwa wa athari huyumba. Kwenye data za gazeti neno hilo halina kazi.

Udhaifu wa kweli hupatikana kwa kuweka sentensi mbili ubavuni: waliyodai na waliyoyapima. Dai ni maudhui ya mtandaoni. Kilichopimwa ni habari za gazeti moja, kwa barua pepe, kwa miezi mitatu ya mwaka 2008. Na miezi hiyo haikuwa ya kawaida. Ndani yake benki ya Lehman Brothers ilianguka na Barack Obama alichaguliwa kuwa rais. Wasiwasi na hasira vilikuwa vimejaa hewani kabla habari haijaandikwa. Je, uhusiano wa hasira na kutumwa ungekuwa na nguvu ile ile katika miezi mitatu tulivu? Makala haiwezi kujibu, na hilo ndilo la kuandika.

La pili ni njia yenyewe. Barua pepe ya 2008 unaituma kwa mtu unayemjua, mmoja au wachache. Leo mtu wa Mombasa au Mwanza anaweka kwenye hali ya WhatsApp, watu mia wanaiona, wakiwemo shangazi na mwajiri wake. Anayejua ataonekana na wengi huchagua tofauti na anayemnong'oneza rafiki. Huo haukuwa uvumi tu: Berger huyo huyo, safari hii na Alixandra Barasch, alirudi kwenye jarida hilo hilo mwaka 2014 na utafiti kuhusu jinsi ukubwa wa hadhira unavyobadilisha kile watu wanachoshirikisha wenzao. Mkiandika udhaifu wa makala ya 2012 mkauunga na kazi ya 2014, mwalimu wenu ataona kuwa makala zinaongea zenyewe kwa zenyewe, na mapitio ya maandishi yanataka hasa hilo.

Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupata udhaifu ambao ndani ya makala huuoni: tafuta aliyeipinga au kuirekebisha. Chukueni mfano ambao nyinyi nyote mmeushika kwenye tafiti za ubora wa huduma benki, SERVQUAL. Makala ya Parasuraman, Zeithaml na Berry ya 1988, katika Journal of Retailing, ukiisoma peke yake utaona mizani safi ya vipengele 22 katika makundi matano, na udhaifu utaandika nini? Utapiga muhuri wa Marekani. Fungua Google Scholar, bonyeza palipoandikwa "Cited by" chini ya jina la makala, na katika za zamani utakutana na Cronin na Taylor wa 1992, katika Journal of Marketing, wakihoji kwa nini matarajio ya mteja yapimwe kabisa badala ya kupima huduma aliyoipata tu. Dakika tano. Na safu yako ya nne imepata hoja ambayo bado inabishaniwa.

Sehemu ya mipaka ya utafiti, ile ambayo waandishi wanaiweka karibu na mwisho, isomeni, lakini isiwe ndiyo udhaifu wenu wote. Mwandishi hutaja humo mipaka anayoweza kuishi nayo, na mara nyingi huigeuza kuwa mapendekezo ya tafiti zijazo. Ile habari ya 2,566 na elfu nne zilizobaki iko kwenye maelezo ya vipimo, mahali ambapo msomaji wa haraka hafiki.

Nikimaliza, karatasi yangu ya makala hii inasomeka hivi, na naisoma kama ilivyo. Lengo: kuonyesha kwamba msisimko wa hisia, si uchanya peke yake, unaeleza kwa nini habari hutumwa. Mbinu: habari 6,956 za New York Times za Agosti hadi Novemba 2008, kigezo tegemezi ni kuingia au kutoingia kwenye orodha ya barua pepe, hisia mahususi zimepimwa na wasomaji kwa habari 2,566, pamoja na majaribio madogo ya nia ya kutuma. Matokeo: chanya huingia zaidi kuliko hasi, hasira, kustaajabia na wasiwasi huongeza, huzuni hupunguza, hata baada ya kudhibiti mahali habari ilipokaa, athari ya hasira ni ya kutoka takriban 20 kwenda 25 hadi 27 katika 100. Udhaifu: orodha haipimi wingi wala mnyororo wa kutuma, kipindi cha msukosuko wa fedha na uchaguzi, barua pepe kwa wachache tofauti na kutangaza kwa wengi (tazama Barasch na Berger 2014), sababu imethibitishwa kwa nia tu.

Pembeni ya kila tarakimu nimeandika namba ya ukurasa. Msiliache hilo kwa ajili ya baadaye, kwa sababu usiku wa kukabidhi kazi hamtakumbuka 2,566 ilitoka wapi, na mtaifuta sentensi nzuri kwa kukosa uhakika.

Jedwali la regresheni nimelitoa nakala chache, ziko hapa mezani. Kabla ya maswali, wawili wawili, chukueni kalamu, tafuteni mstari wa huzuni, mtembeze kidole kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, mniambie mnachokiona.